Pale Mdomo Unapokwama

Kazi yangu ni kunyoosha maandishi ya watu wengine. Wananiletea barua za vyama, taarifa za kamati, matangazo, maombi ya fedha, mara chache hotuba ya mtu ambaye hapendi hotuba. Mimi nasafisha, wao wanatia sahihi na kutuma. Kuna hatua moja ambayo siiruki hata mwenye barua akiwa amesimama mlangoni anaisubiri: naisoma rasimu kwa sauti, kuanzia salamu mpaka sahihi, kwa sauti ambayo mtu aliye chumba kimoja nami angeisikia.

Nilifundishwa na mama mmoja aliyezeekea kwenye usomaji prufu. Enzi zake prufu zilisomwa na watu wawili. Mmoja alishika maandishi ya asili na kuyasoma kwa sauti, mwingine alifuatilia kwenye karatasi iliyochapwa, kalamu mkononi. Aliyesoma alitamka kila kitu, alama za uakifishaji zikiwemo: "herufi kubwa, Kamati, mkato, fungua mabano, funga mabano, nukta." Niliketi mbele yake nikifuatilia, na mara nyingi nilichoka kabla yake. Siku nilipoanza kumsomea kazi yangu mwenyewe alinikatiza haraka: "Mwanangu, unasoma ulichokusudia. Soma kilichoandikwa."

Maneno hayo ndiyo msingi wa jambo zima, maana kusoma kwa sauti vibaya ni rahisi mno. Mwandishi anayesoma kazi yake huiokoa kwa sauti bila kujua. Pasipo na mkato anavuta pumzi hata hivyo, kwa sababu anajua wazo linakwenda wapi. Neno linalopaswa kukaziwa analikazia, ingawa ukurasa haumwambii msomaji hivyo. Akimaliza anaona rasimu imesimama vizuri, kumbe ni yeye aliyeishikilia isianguke. Kwa hiyo nina masharti mawili. Napumua pale tu palipo na alama: mkato kidogo, nukta zaidi, na pasipo na kitu nasonga mbele hata kama kifua kinalalamika. Na sauti yangu huwa bapa, kama ya mtu anayesoma barua ambayo haimhusu.

Kwa nini macho peke yake hayatoshi? Kwanza, yana haraka. Mwaka 2019 mwanasaikolojia wa Ubelgiji, Marc Brysbaert, alikusanya tafiti nyingi kuhusu kasi ya kusoma Kiingereza na kukuta kwamba mtu mzima husoma kimya maandishi yasiyo ya kubuni kwa wastani wa maneno 238 kwa dakika, na akisoma kwa sauti 183. Maneno ya Kiswahili ni marefu kuliko yale, kwa hiyo sitarajii hesabu ziwe zilezile kwetu, lakini tofauti hiyo kila mtu anaweza kujipimia kwa saa ya simu. Pili, macho hayagusi kila neno. Yanaruka, na yanayorukwa zaidi ni maneno mafupi, ambayo akili inaweza kuyabahatisha: na, ya, wa, kwa, ni, si. Sasa mtu aliyeandika "Hii lazima" akikusudia "Hii si lazima" atapita hapo kimya mara nyingi bila kuona chochote, kwa sababu ile "si" tayari anayo kichwani. Mdomo ukilazimika kutoa kila silabi, pengo linasikika.

Nitaonyesha kwa rasimu moja. Ni tangazo la chama fulani cha wanachama, na katibu wake amekubali nilitumie bila kukitaja chama. Lilinijia hivi:

"Ndugu wanachama, Kamati inapenda kuwajulisha kwamba mkutano mkuu ambao ulikuwa umepangwa kufanyika Jumamosi hautafanyika siku hiyo kutokana na ukumbi ambao ulikuwa umepangwa kutumika kwa ajili ya mkutano huo kuwa katika matengenezo, hivyo basi kamati imeamua kwamba mkutano huo utafanyika Jumapili katika ukumbi mdogo ambao uko nyuma ya ofisi saa nne asubuhi. Wanachama, ambao hawajalipa ada ya mwaka, hawataruhusiwa kupiga kura hivyo wanaombwa kufika mapema ili kuweza kulipa kabla ya mkutano kuanza. Baada ya mkutano kwisha wajumbe watakutana na mwenyekiti na katibu atasoma taarifa ya fedha."

Kwa macho si rasimu mbaya. Tahajia iko sawa, adabu ipo, habari zote zinaonekana zipo. Matangazo ya namna hii tunayapokea kila wiki na hatufi. Niliichapa, nikachukua kalamu, nikaanza kusoma.

Kalamu ina kazi tatu tu. Pumzi ikiisha kabla ya alama, naweka mkwaju. Ulimi ukijikwaa au nikilazimika kurudi nyuma, napiga mstari chini ya neno lile. Neno likisikika tena kabla halijapoa, nalizungushia duara, lile la kwanza na hili la pili. Sisimami kurekebisha. Ukisimama kurekebisha kila penye alama, unarudi kuwa mwandishi, na sikio la msikilizaji unalipoteza. Sentensi ya tano utaisoma kana kwamba haina jirani. Nasoma mpaka mwisho huku nikichafua karatasi, halafu ndipo nakaa.

Mkwaju wa kwanza uliangukia kwenye "matengenezo". Sentensi ile ya kwanza, ukiacha salamu, ina maneno 49 na mkato mmoja, nao umekuja baada ya neno la 29. Nilifika hapo nikiwa nimebakiwa na sauti ya mtu anayepanda ngazi. Lakini urefu peke yake si kosa. Nimewahi kusoma sentensi ndefu kuliko hiyo bila shida yoyote, kwa sababu kila kipande kilikamilika kabla ya kingine kuanza. Hapa shida ni kwamba kipande kinafunguliwa kisha kinaachwa wazi. "Kutokana na ukumbi" inangoja kusikia ukumbi umefanya nini, nasi tunapewa maneno tisa mengine kabla ya "kuwa katika matengenezo" kufika. Msomaji wa kimya anaweza kurudi nyuma kwa jicho asijue hata kama amerudi. Msomaji wa sauti hana pa kurudi, amebeba "ukumbi" mikononi njia nzima akitafuta mahali pa kuuweka.

Halafu maduara. "Ambao" mara tatu katika sentensi moja. "Ulikuwa umepangwa" mara mbili, mara ya kwanza kuhusu mkutano, ya pili kuhusu ukumbi. "Kufanyika, hautafanyika, utafanyika." Hilo la mwisho macho hulikosa kwa urahisi, kwa kuwa mwanzo wa kila neno ni tofauti na jicho hushika mwanzo. Sikio hushika mzizi. Kwa lugha yetu, ambayo hubadilisha maneno kwa kuyavika viambishi mbele, marudio mengi yamejificha namna hiyo: utekelezaji, kutekelezwa, yatatekelezwa, mchango, kuchangia, wachangiaji. Kompyuta ukiiambia ikutafutie neno lililorudiwa, itatafuta herufi zilezile na kukuambia huna tatizo.

Hapa niseme jambo ambalo wanaoanza zoezi hili huwachanganya. Si kila mlio unaojirudia ni kosa. "Viti vipya vyote vilivyonunuliwa vimevunjika" ni vi-vi-vi mwanzo hadi mwisho, na hakuna sikio la Kiswahili linaloumia, kwa sababu huo ni upatanisho wa kisarufi unaofanya kazi yake ya kutuambia nini kinakwenda na nini. Niliwahi kukaa na kijana mmoja aliyekuwa akivunja sentensi zake nzuri ili kuukimbia mlio huo, akaishia kuandika "samani" kila mahali. Upatanisho uache. Kinachopaswa kukushtua ni mzizi uleule kurudi bila sababu, au kiungo kilekile kurudi: ambao, kwamba, hivyo, pia, katika, kwa ajili ya. Hivyo viungo ndivyo mkono huandika wenyewe wakati kichwa kikitafuta neno linalofuata.

Na hata duara si hukumu. "Mkutano" katika tangazo lile ulikuwa umejirudia kila mahali, na kishawishi cha kwanza ni kubadilisha: hapa mkutano, pale kikao, kule kusanyiko. Sifanyi hivyo kwenye tangazo. Mwanachama akisoma "mkutano utaanza saa nne" na chini yake "kabla ya kikao kuanza", ana haki ya kuuliza kama ni vitu viwili. Dawa ya neno lililojirudia mara nyingi ni kujenga sentensi ambayo hailihitaji, na likihitajika kweli, kulirudia bila haya.

Sentensi ya pili ndiyo iliyonifurahisha, maana iliharibiwa na alama zilizozidi. Wengi hufikiri kusoma kwa sauti ni kutafuta mikato iliyosahaulika tu. Isome tena ukitii kila alama: "Wanachama, ambao hawajalipa ada ya mwaka, hawataruhusiwa kupiga kura." Ukishusha sauti katikati ya mikato miwili, kama alama zinavyokuamuru, unasikia kwamba maneno ya katikati ni maelezo ya pembeni tu. Yaondoe, na sentensi inabaki "Wanachama hawataruhusiwa kupiga kura." Yaani chama kizima hakijalipa ada na chama kizima kimefungiwa. Ondoa mikato, soma kwa pumzi moja, na sasa ni wale tu wenye madeni. Katibu alikuwa ameweka mikato kwa nia njema, kwa kuwa aliambiwa shuleni sentensi ndefu ipumzishwe. Msomaji mwenye busara angeelewa alichokusudia, lakini aliyefungiwa kura na anayetafuta pa kugombania angeelewa kilichoandikwa.

Ndugu wa kosa hili ni sentensi ya kukanusha yenye sababu. "Kamati haikuahirisha mkutano kwa sababu ya ukumbi." Isome kwa pumzi moja: huenda mkutano uliahirishwa, ila si kwa sababu ya ukumbi. Isome ukipumzika baada ya "mkutano": haukuahirishwa, na ukumbi ndio sababu ya kutouahirisha. Nikikuta sauti yangu inaweza kwenda njia zote mbili na ukurasa hauniambii nifuate ipi, siongezi mkato na kuondoka. Naiandika upya, kwa kuwa mkato mmoja ni mzigo mdogo mno kubeba maana ya uamuzi wa kamati.

Sasa sentensi ya tatu, mahali ambapo mdomo wangu ulikwama kabisa. "Wajumbe watakutana na mwenyekiti na katibu atasoma taarifa ya fedha." Nilisoma "na mwenyekiti na katibu" kwa wimbo mmoja, kama watu wawili walioketi meza moja, kisha "atasoma" ikanigonga. Ikabidi nirudi.

Namna inavyotokea ni rahisi kueleza. Mtu anaposoma kwa sauti, macho hutangulia mdomo kwa neno moja, mawili au zaidi kidogo. Sauti hupangwa kwa kutegemea hicho kidogo kilichoonekana mbele: ipande au ishuke, iunganishe au itenganishe. Macho yangu yaliona "na mwenyekiti na katibu", yakaamua hizi "na" mbili ni za aina moja, sauti ikapanga wimbo wa orodha. "Atasoma" ilipoonekana, wimbo ulikuwa umeshatoka kinywani. Kiswahili kinalea mtego huu kwa sababu "na" ileile inafanya kazi ya kumtaja unayekutana naye na kazi ya kuunganisha sentensi mbili. Kwa hiyo nikijikwaa kwenye kitenzi, siangalii kitenzi. Kosa karibu kila mara liko maneno mawili matatu nyuma yake, pale ambapo alama ilipaswa kuwepo na haikuwepo.

Mkato baada ya "mwenyekiti" ungetuliza ulimi. Lakini niliposoma hivyo kwa sauti, swali jingine likajitokeza: katibu atamsomea nani? Wajumbe waliobaki, au mkutano wote? Nikampigia simu.

"Katibu, hiyo taarifa ya fedha unawasomea wajumbe peke yao?"

"Hapana, dada. Nawasomea wote kabla hawajatawanyika. Wajumbe ndio wanabaki na mwenyekiti."

"Mbona hapa umeanza na wajumbe?"

Akacheka. "Wajumbe ndio walionisumbua wiki nzima."

Basi mpangilio wote ulikuwa kinyume, na kilichoufichua ni mkato usiokuwepo. Jambo hili hunitokea mara nyingi kuliko nilivyotarajia nilipoanza kazi hii: alama inayokosekana huwa imekosekana kwa sababu mwandishi mwenyewe hajaamua kipi kinafungamana na kipi.

Nilipokaa kurekebisha, nilipata hili:

"Ndugu wanachama, Mkutano mkuu uliopangwa kufanyika Jumamosi umehamishiwa Jumapili, saa nne asubuhi, kwa sababu ukumbi mkubwa unakarabatiwa. Tutakutana katika ukumbi mdogo ulio nyuma ya ofisi. Wanachama ambao hawajalipa ada ya mwaka hawataruhusiwa kupiga kura. Tunawaomba wafike mapema ili walipe kabla ya mkutano kuanza. Mwishoni katibu atasoma taarifa ya fedha kwa wote, kisha wajumbe watabaki kukutana na mwenyekiti."

Utaona "saa nne asubuhi" imehama kutoka nyuma ya "ofisi", ambako ilisikika kama ukumbi huwa nyuma ya ofisi saa nne tu. Utaona "ambao" imebaki moja, na nimeiacha kwa makusudi. Ningeweza kuandika "wasiolipa ada", lakini hiyo inamsema mtu ambaye hana tabia ya kulipa, na sisi tunamsema ambaye bado hajalipa. Kwingine, "umepangwa" na "ambao" za mwanzo zilimezwa na neno moja, "uliopangwa". Kirejeshi kilicho ndani ya kitenzi ni cha haraka mdomoni kuliko "ambao ulikuwa", ila nacho kina kiasi chake, na nitarudi hapo.

Kisha nikasoma tena kwa sauti. Watu wengi huishia kwenye marekebisho, wakati marekebisho ndiyo yanayoleta makosa mapya, kwa kuwa ni sehemu pekee ya rasimu ambayo bado haijasikilizwa. Nilisikia "Tutakutana" juu na "kukutana" chini, neno ambalo rasimu ya kwanza ilikuwa nalo mara moja tu. Nikabadilisha la chini liwe "watabaki kuzungumza na mwenyekiti". Nina desturi ya kuanza kusoma sentensi mbili kabla ya niliyoibadilisha na kumalizia mbili baada yake. Sentensi iliyorekebishwa ikisomwa peke yake husikika safi daima.

Kuhusu kirejeshi na mwendo wa maneno: mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu katika kila neno. Maana yake mapigo ya sentensi yetu yanategemea urefu wa maneno. Chukua "Mapendekezo yatakayowasilishwa yatashughulikiwa." Maneno matatu, silabi 20, mikazo mitatu. Soma kwa sauti utasikia mteremko mrefu wa silabi zisizo na nguvu, kisha pigo moja, kisha mteremko tena. Hakuna kosa la sarufi hapo, na anayesoma kimya haoni kitu. Lakini ulimi huanza kutafuna silabi, "yatakawasilishwa", na mtu akianza kutafuna silabi ni dalili kwamba sentensi imelemewa. "Mkileta mapendekezo, tutayajadili yote" inasema lilelile kwa mapigo manne na pumziko katikati. Imepatikana kwa kumrudisha mtendaji aliyekuwa amefichwa, na ndivyo huwa. Maneno marefu mfululizo mara nyingi ni kauli za kutendwa zilizopangwa foleni, au ni mnyororo wa "tathmini ya utekelezaji wa mpango wa uboreshaji wa upatikanaji wa huduma", ambapo unaweza kuhesabu ya na wa kwa vidole huku ukisoma. Zikifika tatu mfululizo, natafuta kitenzi cha kuvunja foleni.

Upande wa pili upo pia, ila hauhitaji maneno mengi: vineno vifupi vikifuatana, "hii ni kwa kuwa si wote wa hapa", mdomo hugongagonga. Inatosha kuusikia mara moja.

Sasa mipaka ya zoezi lenyewe, maana nimeona watu wakilitegemea kwa mambo lisiyoyaweza. Sauti haisikii nafasi kati ya maneno. "Kwasababu" na "kwa sababu" hutoka mdomoni sawasawa, vivyo hivyo "kwahiyo" na "kwa hiyo", "hatahivyo" na "hata hivyo". Herufi kubwa haisikiki, wala mabano yaliyofunguliwa yasifungwe, isipokuwa ukitamka alama moja moja kama yule mama. Mtu ambaye kwa lafudhi yake "dhambi" na "zambi" ni sauti moja, au r na l zinabadilishana, hatajisikia akikosea tahajia hizo, na hilo halihusiani na bidii. Na ukisoma kazi uliyoisoma mara nyingi leo, mdomo nao unakariri. Utalitamka neno ambalo halipo, na "na na" iliyogawanywa na mwisho wa mstari utaitamka mara moja. Dawa zangu ni za kawaida: nailaza rasimu usiku mmoja kama muda upo, naichapa au nabadilisha ukubwa na aina ya herufi ili mistari ikatike mahali pengine, na nafuatilia kwa ncha ya kalamu neno kwa neno.

Tangazo lile lilikuwa na pengo kubwa zaidi ambalo sauti haikuligusa hata kidogo. Rudi ulisome. Ni Jumapili ipi? Rasimu ya katibu haina tarehe, na toleo langu nililolionyesha hapo juu, lililosomwa mara mbili kwa sauti na kusikika vizuri, nalo halina. Habari isiyokuwepo haina sauti ya kukwama. Ndiyo maana baada ya kusoma kwa sauti napita kimya mara moja nikitafuta majina, tarehe, saa, kiasi na mahali tu, bila kujali sentensi zinasemaje. Hapo ndipo tarehe iliingia, na saa nne ikathibitishwa na katibu kuwa ni saa nne ya Kiswahili, si ya kwenye simu. Kazi hizi mbili nisingezichanganya. Anayesikiliza mwendo hahesabu, na anayehesabu hasikii mwendo.

Kwa kitu kizito, kama barua ya madai au tangazo litakalosomwa mbele ya umati, namwomba mtu mwingine anisomee, mtu ambaye hajaiona. Simpi maelezo yoyote. Mimi nashika nakala yangu na kalamu, yeye anasoma. Mtu wa namna hii hawezi kuiokoa rasimu, kwa kuwa hajui nilikusudia nini, hivyo kila anapopandisha sauti pasipofaa, kila anaporudia neno, kila anaponyamaza nusu sekunde, naweka alama. Ni lazima nijizuie kusema kitu. Mara ya kwanza kumwambia "hapana, hapo maana yake ni..." nimeshampa nilichokusudia, na hawezi tena kunisaidia siku hiyo. Nisipopata mtu, najirekodi kwa simu na kusikiliza nikiwa nimefumba macho. Ni pungufu, kwani sauti ni yangu na ukarimu wake ni uleule, lakini marudio ya maneno yanajitokeza vizuri sana kwenye rekodi.

Penye watu wengi ambapo siwezi kusoma kwa sauti, nasoma kwa kuchezesha midomo na kutoa pumzi bila sauti. Pumzi inafanya kazi, kwa hiyo sentensi ndefu mno naikamata, na ulimi ukijikwaa nahisi. Kinachopotea ni wimbo, kwa hiyo makosa ya mikato yananipita. Nikiwa katika hali hiyo nasoma aya zenye masharti, makatazo na tarehe za mwisho nikiwa nimetoka nje mlangoni, na zilizobaki naiachia midomo. Ujumbe wa mistari miwili wa kumwambia mtu nimepokea siusomi kabisa, isipokuwa kama ndani yake kuna neno "si".